Siku za Pampu

Mwalimu Mutwiri alistaafu ualimu mkuu miaka kumi na miwili iliyopita, ila ukali wake ulikataa kustaafu. Pale Kibirichia mistari ya viazi vyake ilinyooshwa kwa kamba, ng'ombe wake wawili walikamuliwa kwa saa, na kijana aliyekuja kuomba mbegu akiwa hajachomekea shati aliambiwa arudi nyumbani kwanza akavae. Watu walimcheka kwa mbali na kumheshimu kwa karibu. Tangu mkewe afariki alikaa peke yake katika nyumba ya mbao, na jikoni alijipikia kwa kupima chumvi kwa kijiko.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, viazi vikiwa vimetoka tu kupandwa, mjukuu wake Gatwiri aliingia uani na begi moja. Alikuwa binti wa bintiye, Karimi, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani Uarabuni. Gatwiri mwenyewe alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa Embu, akiuza vitabu na kutoa nakala katika duka moja la mjini. Kwa babu yake alipita kwa kawaida wakati wa Krismasi tu. Mwalimu alilitazama lile begi, akatazama uso, akavuta kiti.

"Umekula?"

"Sina hamu, Guka," alisema; ndivyo alivyomwita babu yake.

"Sikukuuliza hamu."

Akampakulia mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, na maziwa. Gatwiri alikula vijiko vitatu, akaweka kijiko chini, akasema yote kwa pumzi moja kama mtu anayevuka mto wa baridi: kwamba ana mimba ya miezi miwili, kwamba kliniki ya Embu walipompima damu walikuta ana virusi vya Ukimwi, kwamba Ngari, baba wa mtoto, aliposikia alizima simu na hajaiwasha tena, kwamba wamempa dawa ya mwezi mmoja na barua, ameze kila siku, na ahamie kliniki iliyo karibu na nyumbani.

Mwalimu alirudisha kifuniko cha sufuria. Huko nyuma, katika miaka ile mibaya, aliwazika walimu wanne wa shule yake, na majeneza yao yalikuwa mepesi mno. Sasa neno lile lile lilikuwa limekaa mezani kwake, limevaa sweta ya mjukuu wake.

"Mtoto je?" aliuliza hatimaye.

"Wamesema nikimeza vizuri, atazaliwa bila virusi."

"Wamesema, au wameahidi?"

"Wamesema nikimeza vizuri, Guka."

"Basi utameza vizuri," alisema Mwalimu Mutwiri, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kutangaza tarehe ya mtihani.

Jumatatu iliyofuata walikwenda kituo cha afya. Akina mama wajawazito wote walikaa kwenye benchi moja, mwenye virusi na asiye navyo, na jambo hilo lilimpendeza Mwalimu, kwa maana hapakuwa na mlango wa aibu. Muuguzi alikuwa Ednah, mwanamke mnene mwenye miwani, ambaye alipomwona alisimama kama amepigiwa kengele.

"Mwalimu!"

"Ednah. Nilikufundisha darasa la saba."

"Na ukanichapa viboko vitatu kwa sababu ya nukta."

"Ulizisahau nukta tano. Viboko viwili nilikusamehe."

Ednah alicheka, akafunga mlango, na kicheko kikabaki nje. Alisoma barua ya Embu, akamweleza Gatwiri taratibu, huku Mwalimu akisikiliza na kalamu mkononi. Kidonge ni kimoja, alisema, lakini ndani yake mna dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Haziviangamizi virusi vyote mwilini, huvizuia visizaliane. Dawa ikiwamo katika damu kila siku, virusi hupungua mwezi kwa mwezi mpaka mashine ya kupimia isivione. Virusi vikiwa chini kiasi hicho mpaka siku ya kujifungua, na mama akaendelea kumeza akiwa ananyonyesha, ni nadra sana mtoto kuambukizwa. Tenofovir hutolewa mwilini kupitia figo, kwa hiyo wangepima damu na mkojo ili kuziangalia figo zake. Vidonge vya madini ya kuongeza damu ambavyo kila mjamzito hupewa, avimeze pamoja na chakula, kwa sababu vikikutana na dawa ile tumboni bila chakula huizuia isiingie mwilini sawasawa.

"Sasa, mwanzoni inaweza kukusumbua," Ednah aliendelea. "Kichefuchefu, kichwa kuuma, kizunguzungu, kuharisha kidogo. Usingizi kukatika. Ndoto za ajabu. Wiki mbili, nne, wakati mwingine sita, halafu mwili unazoea. Usiache. Ukiona imezidi, njoo hapa, usijiamulie nyumbani."

"Ndoto nimeshaota," alisema Gatwiri.

"Uliota nini?"

Akamtazama babu yake kwa jicho la pembeni. "Niliota Guka anacheza kanisani na gambuti za shambani miguuni."

Ednah alijiziba mdomo. Mwalimu hakutikisika. "Nilicheza vizuri?"

"Uliharibu mstari wa kwaya yote."

"Hiyo basi ni ndoto, si ufunuo."

Ikaamuliwa kwamba dawa imezwe asubuhi, saa moja, baada ya chai na chakula, ili usingizi usikatike. Ednah akauliza ni nani atakayekuwa msaidizi wake wa matibabu, mtu wa kumkumbusha na kumtia moyo. Kabla Gatwiri hajafungua kinywa, Mwalimu alikuwa ameandika jina lake mwenyewe.

Tangu siku hiyo chupa ilikaa katika kabati la Mwalimu, pamoja na hati za shamba. Saa moja kamili aliweka kidonge katika kisahani, akasimama, akatazama kikimezwa, akaandika katika daftari la kurasa tisini na sita: tarehe, saa, alama ya vema, na upande wa kulia, maelezo. Wiki ya kwanza maelezo yalikuwa mengi. *Ametapika saa nne. Kichwa. Amekataa uji.* Wiki ya pili yakapungua. Mwishoni mwa wiki ya tatu aliandika *Amekula viazi vinne na kuimba*, akapiga mstari chini ya neno la mwisho. Walipokwenda kuchukua dawa tena, safari hii chupa mbili, Ednah alihesabu vidonge akakuta hesabu imekaa sawa. Alimpa Gatwiri mkono kwa furaha.

Kisha viazi vikatoa majani, na mvua za vuli zikashuka kwa nguvu. Kibirichia mvua ikishika na ukungu ukilala juu ya mashamba, ugonjwa wa majani huja. Asubuhi shamba ni kijani, jioni lina madoa meusi, na baada ya siku nne linanuka kama kitu kilichokufa. Mkulima asiyenyunyizia dawa kwa wakati havuni. Kwa hiyo katikati ya mwezi wa kumi na moja Mwalimu alivaa ovaroli na gambuti, akabeba pampu mgongoni, akapita mstari kwa mstari tangu saa mbili hadi saa saba. Gatwiri alimchotea maji ya kuchanganyia dawa. Kesho yake alilifua lile ovaroli, kama binti yeyote wa boma angefanya, bila kuambiwa.

Siku hiyo ya pampu alitapika mara mbili. Siku ya pili kichwa kilimuuma hadi akalala mchana. Harufu ya dawa ya viazi ilikaa ndani ya nyumba ya mbao kwa siku tatu.

Mwalimu alilitafakari jambo hilo kwa akili zake zote, na hapo ndipo akili zake zilipomponza. Mkulima yeyote wa viazi wa sehemu zile anaijua kanuni moja kama anavyoijua sala: dawa mbili usizozijua hazitiwi katika pampu moja. Ukizichanganya huganda, huziba mdomo wa pampu, au huunguza majani unayotaka kuyaponya. Kwenye makopo imeandikwa hivyo. Mwalimu alikuwa amewahi kuliona shamba la jirani yake Misheck likiungua ekari nzima kwa kosa hilo. Sasa mjukuu wake alikuwa akivuta dawa moja kwa pua na kumeza nyingine kwa kinywa, naye ana mtoto tumboni. Zilikutana wapi zile dawa, kama si ndani ya mtoto?

Ilipofika zamu ya pili ya pampu, kisahani cha asubuhi kilikuja kitupu.

"Guka, kidonge?"

"Leo ni siku ya pampu. Utakunywa maziwa tu. Leo, kesho na keshokutwa, mpaka harufu iishe."

"Lakini nesi alisema kila siku."

"Nesi anaijua kliniki. Hajui ratiba ya pampu. Dawa mbili haziwekwi katika chombo kimoja."

"Na kama tungempigia simu, tumuulize?"

"Gatwiri. Nimekaa na dawa za mimea miaka arobaini. Kunywa maziwa."

Akanywa. Alikuwa amekuja katika nyumba ile na begi moja na tumbo lisilo na mwenyewe, na akapokewa bila neno moja la kulaumiwa. Mtu aliyepokewa hivyo hubishana mara moja, habishani mara ya pili.

Mwalimu hakuficha lolote. Alifungua daftari, na mahali pa alama ya vema akaandika herufi P, yaani pampu, siku tatu mfululizo. Hata ile siku ya kwanza kabisa ya pampu, Gatwiri alipotapika tangu alfajiri dawa ya viazi ikichanganywa, na mbili zilizofuata, hakuwa amempa kidonge, na hizo nazo alizijaza kwa uaminifu. Mwezi wa kumi na mbili mvua ilipozidi, pampu ilitoka kila baada ya siku tano au sita. Zilikuwa P nyingi. Kila alipoziona alijisikia mlinzi aliyekesha.

Katikati ya mwezi wa kwanza Gatwiri alitolewa damu ya kupima wingi wa virusi, kama ilivyo desturi miezi mitatu baada ya kuanza dawa. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo, na Mwalimu alimwambia mhudumu wa dirisha la dawa kwamba nyumbani bado wanavyo vidonge vya kutosha. Baada ya siku kumi na mbili Ednah alipiga simu. Aliwataka waje wote wawili, na waje na chupa.

Alipofunga mlango hakucheka. Aliwageuzia karatasi. "Virusi ni elfu tatu mia mbili na sitini katika kila mililita ya damu. Nilitarajia chini ya mia mbili. Nilitamani chini ya hamsini."

Gatwiri alishika tumbo lake, ambalo sasa lilikuwa limejitokeza. Mimba ilikuwa ya wiki ishirini na mbili.

"Haiwezekani," alisema Mwalimu. "Mashine imekosea."

"Mashine hukosea mara chache sana, Mwalimu."

"Mimi mwenyewe ninampa! Ninasimama mbele yake!" Akamgeukia mjukuu wake, na sauti ya ukumbini ikamtoka bila kuitwa. "Unakificha chini ya ulimi? Nikigeuka unakitema? Nijibu!"

"Sitemi, Guka."

"Elfu tatu zimetoka wapi, basi? Nilikupokea katika nyumba yangu, na wewe unanidanganya mezani pangu?"

Gatwiri aliinamisha uso. Machozi yalidondoka juu ya mkono uliokuwa tumboni, na hakuyafuta. Hakusema neno ambalo lingemwokoa.

"Mwalimu," alisema Ednah kwa upole, "hapa hatugombezani. Nipe chupa."

Alivimwaga vidonge katika trei, akavisukuma viwili viwili kwa kijiti. Kisha akarudia kuvihesabu. "Hivi vilipaswa kuisha kabla ya siku ile ya damu, na kwa hesabu ya siku, vidonge thelathini havikumezwa," alisema. "Dawa ya mwezi mzima, Mwalimu. Havikutemwa hivi. Havijatoka kwenye chupa."

"Hivyo ni vya siku za pampu," alisema Mwalimu. Na kwa kuwa hakuwa na la kuficha, akatoa daftari kwenye mfuko wa koti, akaliweka mezani kama mtu anayewasilisha ushahidi wa kumsafisha. "Kila kitu kimo. P ni pampu."

Ednah alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikishuka safu ya kulia. Nje, kwenye benchi, mama mmoja alikuwa akimbembeleza mtoto. Muuguzi hakukasirika. Alichukua kalamu nyekundu, akaomba ruhusa kwa macho, na alipopewa akaanza kuzungushia duara.

"Mwalimu, soma hapa. Tarehe kumi na tisa mwezi wa kumi na moja. Umeandika nini?"

"P. Ametapika mara mbili."

"Asubuhi hiyo alimeza?"

"La. Ilikuwa siku ya pampu."

"Siku ya pili yake?"

"P. Kichwa, amelala mchana."

"Alimeza?"

"La."

"Tarehe ishirini na mbili hadi ishirini na nne, alimeza siku zote tatu. Alitapika?"

Mwalimu alisogeza karatasi karibu. "Hakutapika."

"Endelea na mwezi wa kumi na mbili."

Aliendelea. Kidole chake kilichokakamaa kwa udongo kilishuka polepole, na kadiri kilivyoshuka ndivyo kilivyokwenda polepole zaidi. Tangu wiki ya nne, kila palipokuwa na alama ya vema, safu ya maelezo ilikuwa tupu. Kila palipokuwa na P, palikuwa na matapishi au kichwa. Aliandika mwenyewe, kwa mkono wake mzuri, na miezi yote hiyo hakuwa amesoma.

"Ungekuwa darasani," alisema Ednah, "na fujo hutokea siku zile tu ambazo mwanafunzi fulani hayupo, ungemchapa huyo mwanafunzi?"

Mwalimu aliufunika ukurasa kwa kiganja.

"Kidonge kilimsumbua wiki tatu za mwanzo, kama nilivyosema, kikaacha. Hiki kingine ni dawa ya viazi." Akamgeukia Gatwiri. "Nani hufua ovaroli?"

"Mimi."

"Kwa glavu?"

"Kwa mikono. Na sabuni ya unga."

"Na maji ya kuchanganyia?"

"Ninachota, ninamshikia ndoo."

"Basi usiguse tena, wala usikae upande ambao upepo unaleta. Hiyo ndiyo sumu ya kuiogopea mimba." Kisha akarudi kwa Mwalimu, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na mkulima. "Ulisema dawa mbili haziwekwi katika chombo kimoja. Ni kanuni nzuri, ila ni ya pampu. Nikuulize ya shambani. Ugonjwa wa majani umeshika, nawe unanyunyizia mstari mmoja, unaruka mmoja. Itakuwaje?"

"Utaendelea kutoka mistari niliyoiruka."

"Na mwaka baada ya mwaka ukinyunyizia dawa nusu nusu?"

"Ugonjwa utaizoea dawa," alisema Mwalimu. Alisema kwa sauti ndogo.

"Na virusi ni vivyo hivyo. Ukiacha siku tatu, dawa hushuka katika damu, navyo huanza kuzaliana. Vikizaliana wakati dawa ni kidogo, ndipo vinapojifunza kuishi nayo. Tumebahatika, dawa hii si rahisi kushindwa, hatutaibadilisha. Tutameza kila siku, bila kuruka, na baada ya miezi mitatu tutapima tena. Mtoto atakuwa amebakiza wiki chache kuzaliwa. Nafasi ni hiyo moja tuliyo nayo kabla hajaja."

Mwalimu Mutwiri alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. "Ni mimi," alisema. "Andika hivyo katika faili. Asiandikwe yeye."

"Faili halina safu ya kosa, Mwalimu. Sasa naomba utupishe. Nitaongea na Gatwiri peke yake."

Katika maisha yake ya kazi hakuna mwanafunzi aliyewahi kumtoa katika chumba. Alitoka. Alikaa kwenye benchi la akina mama, magoti pamoja, kofia juu ya magoti, na mtoto wa mtu akaivuta kofia hiyo, naye akamwachia. Maneno aliyomtupia mjukuu wake yalikuwa yakimzunguka kichwani. Alitafuta la kumwomba msamaha, akakuta hana hata neno moja la aina hiyo. Katika miaka thelathini na minane ya ualimu hakuwahi kulihitaji, au hivyo ndivyo alivyodhani.

Mlango ulipofunguliwa Ednah alisema, "Nimemuuliza anataka msaidizi gani. Ni haki yake kuchagua, na mara ya kwanza hatukumpa nafasi."

Mwalimu aliinua kidevu akingoja hukumu.

"Nimekuchagua wewe, Guka," alisema Gatwiri. Macho yalikuwa mekundu bado. "Lakini chupa nitakaa nayo mimi. Na nikitaka kuuliza nesi, nitauliza."

"Na daftari?"

"Simu yangu ina kengele."

Alitaka kusema kwamba kengele ya simu haiandiki maelezo. Akalimeza neno hilo, na lilikuwa chungu kuliko kidonge.

Mvua za masika zilipokolea, viazi vipya vilikuwa vimeshatoa majani, na ugonjwa ukarudi kama karani wa kodi. Siku ya kwanza ya pampu Gatwiri alimeza dawa yake saa moja, akafunga madirisha ya upande wa shamba, akakaa jikoni nyuma na kitambaa cha kufuma. Mwalimu alichota maji mwenyewe. Alipomaliza hakuingia ndani na nguo zile. Alizivulia kibandani, akaoga, na kesho yake akavaa glavu za mpira hadi viwiko, akabeba beseni mpaka bombani mwisho wa shamba.

Misheck, jirani yake, alikuwa akipita barabarani na ng'ombe. Alisimama kama aliyeona punda amepanda mti.

"Mwalimu! Unafua?"

"Unaona nini?"

"Ninaona mzee mzima wa kanisa na beseni. Yule msichana amekatika mikono?"

"Mikono yake iko salama, na ndivyo itakavyobaki."

"Ah! Mjukuu amekukalia kichwani. Kesho utamfungia nepi." Akawapigia mluzi ng'ombe, na akaenda zake huku akimsimulia kila aliyekutana naye. Jumapili kanisani wanaume wawili walimuuliza Mwalimu kwa heshima kubwa sabuni ipi hutoa povu jingi. Angeweza kuwanyamazisha wote kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ilibeba siri ya Gatwiri, si yake. Aliwajibu kwamba sabuni ya kipande ndiyo bora, akaingia kukaa mahali pake.

Asubuhi moja mwishoni mwa mwezi wa nne, Gatwiri alimeza kidonge, na kabla nusu saa haijapita alikimbilia uani akatapika chai yote. Lilikuwa tumbo tu. Maharagwe ya jana aliyoyala na chai yalikuwa yamechacha. Mwalimu alisimama mlangoni. Kila kitu ndani yake kilitaka kusema: *pumzika leo, kunywa maziwa*. Alikishika kizingiti kwa mkono.

Gatwiri alisukutua kinywa, akatulia kidogo, akala kipande cha mkate. Kisha akafungua chupa, akatoa kidonge kingine.

"Nesi alisema nikitapika kabla ya saa moja kupita, nimeze tena," alisema bila kugeuka, kama aliyehisi mtu nyuma yake.

"Sijasema kitu."

"Umepumua kwa nguvu."

"Nimeruhusiwa kupumua?"

"Kidogo," alisema Gatwiri, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza akamcheka usoni.

Damu ilitolewa juma hilo. Majibu yalikuja mwanzoni mwa mwezi wa tano, mimba ikiwa ya wiki thelathini na saba. Ednah hakupiga simu. Alituma ujumbe tu kwamba waje. Mwalimu aliutafsiri ule ujumbe kwa njia ishirini, na kumi na tisa kati ya hizo zilikuwa mbaya. Walipofika mlangoni, Gatwiri aligeuka amkaribishe aingie.

"Nenda," alisema Mwalimu. "Ni majibu yako. Ukitaka nijue, utaniambia."

Alikaa benchini. Saa yake ya mkononi ilikuwa inakwenda, maana aliiweka sikioni kuhakikisha. Alifikiria majeneza mepesi ya walimu wanne. Alifikiria herufi P thelathini. Akaomba, na yeye aliyezoea kuomba kwa sentensi kamili zenye kiima na kiarifu, safari hii alisema tu: mtoto, mtoto, mtoto.

Gatwiri alitoka akiwa ameshika mgongo kwa mkono mmoja, anatembea kama bata. Alikaa taratibu karibu naye. Akamsogezea mdomo sikioni, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa.

"Chini ya hamsini, Guka. Mashine haikuviona."

Mwalimu Mutwiri alitazama mbele.

"Nesi anasema mtoto atapewa dawa ya maji wiki zake za mwanzo, hata hivyo. Na atapimwa akiwa na wiki sita, na baadaye tena. Na mimi niendelee kumeza. Nikinyonyesha, nikiacha kunyonyesha, kila siku, maisha yangu yote."

"Kila siku," alisema.

"Hata za pampu."

"Gatwiri." Akatoa kofia, akaishika mbele ya kifua kama mtu aliye mbele ya baraza. "Siku ile nilikuita mwongo. Mbele ya mtu. Ulijua ni mimi, ukanyamaza. Nilikukosea. Sikujua namna ya kulisema, na bado sijui vizuri."

Mama mmoja kwenye benchi aligeuka, akajifanya anatazama ukuta.

Mtoto alikuwa amejinyoosha ndani, na Gatwiri akauchukua mkono wa babu yake, ule mkono mkavu wa chaki na udongo, akaubandika pale ambapo kisigino kidogo kilikuwa kinasukuma.

"Anapiga upande huo tangu asubuhi," alisema. "Ngoja. Usiondoe. Atarudia."

Mwalimu hakuuondoa.